Mama kabadilishiwa kidonge cha presha akapewa cha bei nafuu. Hivi jeneriki na orijino ni dawa moja kweli?

#1 Binti_Kilosa
Habarini wanajamvi. Mama yangu ana miaka 67, presha anayo tangu 2014 na miaka yote hiyo anameza Norvasc. Mwanzoni mwa mwezi huu famasi tunayonunua ilikuwa imeishiwa. Kijana wa dukani akanipa boksi jingine, amlodipini ya kampuni ambayo sijawahi kuisikia, akasema "dada, hii ni jeneriki, dawa ni ileile". Nimezoea kulipa 42,000 kwa vidonge 30, hii nikalipa 6,000. Nikafurahi, nikampelekea mama.

Siku ya pili tu presha ikapanda. Leo asubuhi kapima 166/98 na kichwa kinamuuma. Naomba kueleweshwa, hiyo jeneriki maana yake nini hasa? Na kama ni dawa ileile, kwa nini bei iwe moja ya saba, na kwa nini presha ipande?

#2 Mzee_wa_Kijiweni
Umeshajijibu mwenyewe binti. Kitu cha 42,000 hakiwezi kuwa sawa na cha 6,000. Jeneriki ni jina la heshima la feki. Mrudishie mama dawa yake.

#3 Nuru_ya_Asili
Dada pole. Mimi nashauri dawa mbadala zote ziangaliwe kwa makini. Mama yangu mkubwa alipewa mlonge na kitunguu saumu na mtu wa sokoni, akaacha vidonge, akapooza upande mmoja. Dawa mbadala zina nafasi yake, ila si kwa presha ya 166.

#4 Mkunga_Mstaafu
@Nuru_ya_Asili pole na yaliyowapata, ila swali halihusu miti shamba. Hapa kinachozungumzwa ni kidonge cha kiwandani kwa kidonge cha kiwandani. Ndiyo maana sipendi watu wanavyoita jeneriki "dawa mbadala", wagonjwa wanachanganyikiwa hivihivi.

Binti, 166/98 na kichwa kinauma, usikae unasubiri majibu ya jamvini. Mpeleke kituo cha afya leo wampime upya akiwa ametulia, ameketi dakika tano, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo. Halafu rudi utueleze.

#5 Mfamasia_wa_Zamu
Nafanya kazi famasi Morogoro, na kabla ya hapo nilikaa miaka minne maabara ya ubora kwenye kiwanda cha vidonge. Nijibu la maana kwanza.

Chukueni boksi lolote la dawa. Kuna jina kubwa la rangi, hilo ni la kampuni. Chini yake kuna jina dogo, mara nyingi watu hawalisomi, na hilo ndilo jina la dawa yenyewe. Panadol jina dogo lake ni parasetamoli. Norvasc jina dogo lake ni amlodipini. Kampuni iliyogundua amlodipini ilipewa haki ya kuitengeneza peke yake kwa miaka kadhaa. Haki hiyo ikiisha, kiwanda chochote kinaruhusiwa kuitengeneza, mradi kithibitishe kwa mamlaka ya dawa kwamba yake inafanya kazi sawa. Huko Marekani haki ya Norvasc iliisha 2007. Hizo zilizofuata ndizo jeneriki.

Bei inashuka kwa sababu aliyefuata hakulipia ugunduzi wala majaribio ya miaka mingi kwa maelfu ya wagonjwa, na kwa sababu wako viwanda ishirini wanagombea mteja mmoja. Feki ni kitu kingine kabisa. Feki ni mtu kadanganya kuhusu alichoweka ndani au kilikotoka. Na feki wanaiga hata dawa yenye jina kubwa, maana nako kuna hela.

#6 Chuma_cha_Reli
Mkuu hapo juu kasema vizuri lakini kaficha kitu. Nilisoma mahali kwamba sheria inaruhusu jeneriki iwe na asilimia 80 tu ya dawa. Kwa hiyo kidonge cha miligramu 5 kinaweza kuwa na 4. Asilimia 20 wanakula wao. Hapo ndipo bei inaposhukia.

#7 Kemisti_wa_Likoni
Salaam kutoka Mombasa. Hata huku tumelisikia sana hilo la 80. Wateja wangu wengine humeza viwili viwili "kufidia". Hatari sana hiyo.

#8 Mfamasia_wa_Zamu
@Chuma_cha_Reli namba 80 ipo kweli, sikatai, ila haihusu kilichomo ndani ya kidonge. Ngoja nieleze inakotoka, maana hili linawachanganya hata wauguzi.

Kiasi kilichomo ndani ya kidonge kina kipimo chake. Kwa amlodipini, kitabu cha viwango kinataka kati ya asilimia 90 na 110 ya kilichoandikwa, na kipimo hicho ni kimoja kwa orijino na kwa jeneriki. Kiwandani tulikuwa tukilenga 100, tukiona 96 tunasimamisha mashine.

Sasa 80. Wanachukuliwa watu wenye afya, mara nyingi kama 24 au 36. Nusu wanameza orijino, nusu jeneriki. Wanatolewa damu mara nyingi, saa baada ya saa, kwa amlodipini inakwenda siku kadhaa maana inakaa mwilini muda mrefu. Wanapumzika wiki mbili au zaidi mpaka damu isafike, halafu wanabadilishana, aliyemeza ile anameza hii. Kila mtu analinganishwa na yeye mwenyewe. Kinachotazamwa ni dawa kiasi gani iliingia kwenye damu kwa jumla, na ilipanda mpaka wapi.

Majibu hayawi namba moja, yanakuwa wastani na upana wake wa mashaka. Upana WOTE ndio unatakiwa uangukie kati ya 80 na 125. Tuseme jeneriki A wastani wake ni 95, upana ni 89 hadi 102. Imepita. Jeneriki B wastani ni 86, upana ni 78 hadi 94. Imeanguka, japo wastani wake uko juu ya 80. Kwa hiyo dawa inayotoa asilimia 80 haipiti, haiwezekani kihesabu. Wamarekani waliwahi kukusanya majaribio zaidi ya 2,000 ya namna hii, tofauti ya wastani ya dawa kuingia kwenye damu ikawa kama asilimia 3.5.

#9 Chuma_cha_Reli
Sawa, hapo nimeelewa, nilikuwa nimelishika vibaya. Lakini hilo jaribio lilifanyika mara moja kwa vidonge vilivyopelekwa kwa wakaguzi. Boksi alilonunua binti limetoka kwenye mtungo wa juzi, yaani vidonge vilivyotengenezwa pamoja juzi. Nani kampima mtu damu kwa mtungo huo?

#10 Mfamasia_wa_Zamu
Swali zuri. Hakuna aliyepima damu. Kila mtungo unapimwa maabara tu: kiasi kilichomo, na kidonge kinaachia dawa kwenye kimiminika kwa kasi gani. Kwa amlodipini ndani ya dakika 30 robo tatu iwe imeshaachiwa. Hilo ni hivyohivyo kwa orijino pia, na wao hawapimi damu kila mtungo. Udhaifu wa kweli uko hapo. Kiwanda kinaweza kupita mtihani mwaka wa kwanza kikalegea wa tano. Ndiyo maana kuna ukaguzi wa viwanda na sampuli za sokoni. Mamlaka yetu ya dawa, TMDA, wakati huo ikiitwa TFDA, ilifikishwa ngazi ya tatu ya udhibiti wa dawa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2018, ya kwanza Afrika. Haimaanishi hakuna kinachopenya.

#11 Mzee_wa_Kijiweni
Mfamasia unatetea sana. Kwani hizo jeneriki hazikupi faida wewe?

#12 Mfamasia_wa_Zamu
Zinanipa, mzee wangu, na ni haki kuuliza. Kwenye boksi la 6,000 naweza kupata 2,000. Kwenye la 42,000 napata labda 4,000, lakini hela yangu inalala kabatini miezi mitatu. Kwa hiyo ndiyo, mwenye duka ana sababu ya kukusogezea jeneriki. Ndiyo maana namwambia mteja jina dogo alisome mwenyewe, asinisikilize mimi peke yangu.

#13 Tumaini_2006
Naomba niseme langu, sijawahi kuandika humu.

Nina maambukizi ya VVU, nilianza dawa 2006. Sijawahi kumeza orijino hata siku moja. Zote zimetoka India, bure, kliniki. Kabla ya hapo, dada yangu alikufa 2000. Wakati ule dawa za mwaka mzima Ulaya zilikuwa zaidi ya dola 10,000, sisi hata kuziwaza hatukuwaza. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema itatoa mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Hiki kidonge kimoja ninachomeza sasa, chenye dawa tatu ndani, kimeundwa na kampuni za jeneriki zenyewe, ukitafuta orijino yake hutaipata. Napimwa wingi wa virusi kila mwaka, havionekani. Mwanangu wa mwisho kazaliwa salama, yuko darasa la nne.

Mtu akiniambia jeneriki ni feki namwambia anitazame.

#14 Mkunga_Mstaafu
@Tumaini_2006 asante sana mwanangu. Nilikuwa wodi ya wazazi miaka hiyo. Naelewa.

#15 Mama_Zawadi_Tanga
Mimi naheshimu ya Tumaini, ila yangu ni tofauti na naomba nisikilizwe.

Mwanangu ana kifafa, anatumia karbamazepini. Alikaa miaka miwili bila kuanguka akitumia ya kampuni moja. Mwaka juzi hospitali ikawa inatoa kilichopo. Mwezi huu vyeupe, mwezi ujao vya kampuni nyingine, wa tatu tena nyingine. Ndani ya miezi minne kaanguka mara sita, moja jikoni, kaungua mkono. Daktari akasema "dawa ni ileile mama". Nikaanza kununua mwenyewe ile ya mwanzo na hajaanguka tangu hapo. Sasa niambieni ni ileile.

#16 Kemisti_wa_Likoni
Pole dada. Labda mtoto alikuwa akikua, uzito ukaongezeka, dozi ikawa ndogo?

#17 Mama_Zawadi_Tanga
Dozi haikubadilishwa, na niliporudi kwenye ile ya mwanzo ilikuwa dozi ileile. Kukua hakurudi nyuma.

#18 Mfamasia_wa_Zamu
Dada Mama Zawadi hukukosea. Dawa za kifafa si kama za presha. Kwa presha, damu ikiwa na dawa asilimia 10 pungufu hutaona kitu. Kwa karbamazepini na fenitoini, kati ya kiasi kinachozuia na kiasi kinachokosa hakuna nafasi kubwa. Jeneriki moja ikiwa chini kidogo ya orijino na nyingine juu kidogo, zote zimepita mtihani, lakini hazikulinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kumrusha mtoto kutoka hii kwenda ile kila mwezi ndiko kubaya. Uingereza mamlaka yao inawaambia madaktari wazi kwamba kwa dawa hizo mgonjwa abaki kwa mtengenezaji mmoja, awe orijino au jeneriki.

Naomba kuuliza kitu kingine. Hizo za hospitali zilikuwa kwenye karatasi zake za bati, au mlihesabiwa kutoka kopo?

#19 Mama_Zawadi_Tanga
Kopo kubwa la vidonge 1,000. Muuguzi anachota na kijiko, anaweka kwenye kifuko cha nailoni, anaandika 1x2. Nyumbani nilikiweka juu ya kabati la jikoni.

#20 Mfamasia_wa_Zamu
Sasa hapo. Karbamazepini ikinyonya unyevu inakuwa ngumu na haiyeyuki vizuri tumboni. Wamarekani waliwahi kuonya kwamba kidonge chake kikikaa kwenye unyevu kinaweza kupoteza hata theluthi ya nguvu yake. Tanga, masika, kopo linafunguliwa mara hamsini kwa siku, halafu jikoni kwenye mvuke wa sufuria. Inawezekana dawa iliingia hospitali ikiwa nzima kabisa ikaharibikia njiani. Wala sisemi ndiyo sababu, nasema nayo ipo.

#21 Mama_Zawadi_Tanga
Vilikuwa vigumu kweli. Nilikuwa nikimkatia nusu kwa kisu, vile vya mwisho vilikuwa vinaruka. Nilidhani ndivyo vilivyo.

#22 Chuma_cha_Reli
Basi kila mtu apime mwenyewe. Tia kidonge kwenye glasi ya maji, kikiyeyuka ni kizima, kikikaa ni feki.

#23 Mfamasia_wa_Zamu
Hapana mkuu. Kidonge cha chaki kinasambaratika kwenye maji ndani ya dakika mbili na hakina dawa hata chembe. Na kuna vidonge halali vimefunikwa makusudi visivunjike tumboni mpaka vifike kwenye utumbo, hivyo vitakaa kwenye glasi yako mchana kutwa. Glasi inakuonyesha kidonge kinasambaratika au hakisambaratiki, basi. Cha maana ni kutazama namba ya mtungo, tarehe ya kuisha, namba ya usajili, na kama karatasi haijatoboka.

#24 Binti_Kilosa
Nimerudi. Mama alipelekwa kituoni, 160/94, wamesema aendelee na dawa arudi baada ya wiki. Asanteni kwa michango, nimejifunza. Ila bado sijaelewa presha ya mama.

#25 Mkunga_Mstaafu
Una daftari la vipimo? Tuandikie, na tarehe.

#26 Binti_Kilosa
Ninalo. Aprili yote ilikuwa kati ya 134/80 na 142/86. Dawa mpya ameanza 3 Mei. Tarehe 5 Mei 156/92. Tarehe 9 Mei 154/90. Tarehe 14 Mei 164/96. Jana 166/98.

#27 Mfamasia_wa_Zamu
Asante, hapa kuna cha kufanyia kazi. Amlodipini inachukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu tu kwenye damu. Kwa hiyo tarehe 5 mama bado alikuwa na Norvasc nyingi mwilini. Hata ungempa chaki tarehe 3, nisingetegemea ipande hivyo siku mbili baadaye. Hiyo ya tarehe 5 ina jambo jingine. Hii ya 14 na jana inaweza kuwa dawa.

Maswali mawili. Norvasc yake ilikuwa miligramu ngapi, na anamezaje? Na kuna dawa nyingine yoyote kaanza karibuni, hata ya kupaka, hata ya duka la pembeni?

#28 Mzee_wa_Kijiweni
Sasa tunamtafutia mama kosa ili kiwanda kisalimike.

#29 Binti_Kilosa
Ngoja nimpigie.

#30 Kemisti_wa_Likoni
Wakati tunangoja, mimi naongeza rangi. Nina mzee hapa, nikimpa kidonge cha rangi nyingine ananirudishia, asema kinamtia kizunguzungu. Mwanawe akakihamishia kwenye boksi la zamani, kizunguzungu kikapotea. Mtu akishaamini kapunjwa, mwili nao wasikia. Sikukubaliana na kumdanganya lakini.

#31 Mkunga_Mstaafu
Kweli, ila na hofu yenyewe inapandisha presha ya mashine. Mama akijua dawa imebadilishwa, kila akivaa kile kitambaa cha mkononi moyo unadunda.

#32 Binti_Kilosa
Jamani. Nimeongea naye nusu saa, naandika mikono ikitetemeka.

Norvasc yake ni ya miligramu 10. Daktari alimwandikia 5, kwa hiyo miaka yote anakata nusu kwa wembe, boksi moja linakwenda miezi miwili. Mimi naishi Dodoma, sikujua, nilidhani ananunuliwa na kaka mwezi wa katikati. Hii mpya niliyompelekea ni ya miligramu 5. Na yeye ameendelea kukata nusu. Nimemwambia ahesabu: tangu tarehe 3 mpaka leo ni siku 18, vimetumika vidonge 9 kati ya 30.

La pili, tarehe 1 Mei alianza vidonge vya magoti, diklofenaki, kutwa mara mbili, alinunua duka la dawa muhimu pale stendi.

#33 Mfamasia_wa_Zamu
Basi mama amekuwa akimeza miligramu 2.5, nusu ya dozi yake. Kushuka huko kunakuja polepole, wiki hivi, na kunafanana na ile ya tarehe 14. Diklofenaki inazuia chumvi na maji visitoke, inapandisha presha ndani ya siku chache, inafanana na ya tarehe 5.

#34 Mkunga_Mstaafu
Nusu nakubali, nusu sikubali. Diklofenaki inagombana zaidi na dawa nyingine za presha, kama losartani na vidonge vya kukojoza. Na amlodipini haigombani hivyo. Kupanda 14 au zaidi kwa siku nne ni kwingi mno kwa sababu hiyo peke yake. Mimi nasema maumivu ya magoti yenyewe na kutolala navyo vihesabiwe.

#35 Mzee_wa_Kijiweni
Na bado hamjasema hiyo dawa ni nzima. Mmesema mama kameza nusu. Akimeza kizima ndipo tutajua.

#36 Mfamasia_wa_Zamu
Hapo mzee umesema kweli na sina la kukupinga. Binti, mrudishe kwa daktari umwambie haya mawili kama ulivyoyaandika hapa, yeye ndiye apange. Na boksi usitupe.

#37 Binti_Kilosa
Nimerudi baada ya siku tisa. Daktari kasema ameze kizima cha miligramu 5, dawa ya magoti ameiacha, kapewa parasetamoli na mazoezi. Jeneriki ileile, boksi lilelile. Leo 144/86. Jana ilikuwa 148/88.

#38 Chuma_cha_Reli
Safi sana. Ila mmebadilisha vyote viwili siku moja, kwa hiyo kipi kilikuwa kinapandisha hatutajua.

#39 Mzee_wa_Kijiweni
Na 144 si 134 ya Aprili. Ile 42,000 ilikuwa inafanya kitu.

#40 Mkunga_Mstaafu
Aprili yenyewe ilifika 142, mzee, soma namba 26. Tungoje wiki mbili zaidi.

#41 Binti_Kilosa
Tutangoja. Nimemwandikia mama karatasi nimebandika kwenye boksi: "KIZIMA, USIKATE". Kaniuliza kama na vile vya Norvasc vilivyobaki kumi kabatini navyo avimeze vizima. Nimemwambia asiguse, navifuata Jumamosi.

#42 Mama_Zawadi_Tanga
@Mfamasia_wa_Zamu naomba kurudi kwangu kidogo. Ile ya mwanzo naanza kushindwa bei. Nikitaka kuhamia jeneriki moja na kubaki nayo, nahamaje bila mtoto kuanguka?